Shairi la mtahiniwa na mkufu wa mama

Nafundisha Kiswahili katika shule ya bweni ya wasichana huku Pwani ya Kenya. Kila muhula wa pili ukikaribia kwisha, moku zikishasahihishwa na majina ya watahiniwa wa KCSE yakishabandikwa ukutani pamoja na alama zao, mashairi huanza kuniletea hodi. Wasichana wa kidato cha nne huandika kuhusu mtihani kuliko wanavyoandika kuhusu mapenzi. Huyaandika nyuma ya madaftari ya Kemia, kwenye karatasi za kujibia zilizobaki, hata kwenye kurasa za mwisho za kamusi. Mengi hufanana: elimu ni ufunguo, tia bidii, Mola atujalie, amina. Nayasoma yote, kwa kuwa aliyeyaandika anasubiri nje ya mlango wa ofisi.

Mwaka mmoja nililetewa moja ambalo limebadilisha namna ninavyofundisha ushairi. Mwandishi wake amenipa ruhusa kulitumia bila jina lake. Alikuwa msichana wa kimya, mwana wa mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi kando ya barabara, na kwenye moku alipata wastani wa C-. Alitaka kusomea uuguzi, na diploma ya uuguzi katika chuo cha KMTC hudai wastani usiopungua C, pamoja na masharti yake ya lugha na sayansi. Hatua moja tu ilimtenga na alichokitaka. Shairi lenyewe, kama lilivyokuwa mwishoni, ni hili:

Giza lipo dirishani, kengele imeshalia,
Vitabu viko mezani, usingizi wanijia,
Yaja mbio mitihani, na muda wanikimbia,
Kalamu yangu andika, mama ananingojea.

Mama ameshika mwiko, jua halijatokea,
Karai juu ya jiko, moshi wamzungukia,
Shilingi kumi za soko, karo zinanilipia,
Kalamu yangu andika, mama ananingojea.

Jina langu likasomwa, wenzangu wakisikia,
Kwetu karo nikatumwa, somo likanipitia,
Na neno halikusemwa, mkufu aliuvua,
Kalamu yangu andika, mama ananingojea.

Niambie mtihani, kwetu ulishatembea?
Uliingia jikoni, moshi ukausikia?
Au kwako mimi nani, ni namba wanisomea?
Kalamu yangu andika, mama ananingojea.

Ndoto yangu uuguzi, wodini kuhudumia,
Mama apate pumzi, meko akayaachia,
Alama zikiwa wazi, mkufu nitanunua,
Kalamu yangu andika, mama ananingojea.

Nimechoka si kidogo, kaditama nafikia,
Pendo lake ni mzigo, mtamu wa kuchukua,
Hata nikipata pigo, mimi bado nitakua,
Kalamu yangu andika, nami ninajingojea.

Kwa umbo, hakuna cha kutatiza. Kila ubeti una mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, vya mizani nane nane. Kina cha utao ni "a" tangu mwanzo hadi mwisho, na cha ukwapi kinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti katika mishororo mitatu ya kwanza, kwa hiyo ni ukara. Mtahiniwa aliyesoma atayaandika hayo kwa dakika chache na kuchukua alama zake. Mahali wengi wanapoteleza ni kwenye kuhesabu mizani ya neno linaloanza kwa "m" yenye kusimama peke yake. "Mkufu aliuvua" wakiliangalia harakaharaka husema ni saba. Mimi huwaambia wapige makofi: m-ku-fu-a-li-u-vu-a. Nane. Hiyo "m" ya mkufu ina kofi lake, sawa na "m" ya mtihani na ya mzigo. Na "mtu" ni makofi mawili, ndiyo.

Ila lililonishika halikuwa hesabu. Rasimu ya kwanza aliyoniletea ilikuwa na ubeti wa tatu tofauti kabisa. Mishororo yake miwili ya kwanza ilisomeka hivi:

Karo jamani ni shida, hakika nimeumia,
Mama kweli hana ada, kila siku analia,

Hesabu mizani, imetimia. Vina vimekaa. Kama ningekuwa nasahihisha arudhi peke yake ningeweka alama ya vema na kumrudishia. Lakini angalia maneno yaliyomo. "Jamani", "hakika", "kweli": matatu katika mishororo miwili, na hakuna hata moja linalobeba kitu. Ni maneno ya kujazia mizani. Kila anayefundisha ushairi wa arudhi anayajua, na nimejifunza kuyatumia kama dalili: yanapojaa mahali pamoja, aghalabu mtunzi amefika kwenye jambo ambalo bado hajataka kulisema. Katika beti nyingine za msichana huyu hayakuwapo. Yalijazana kwenye ubeti wa karo tu.

Nikamwita. Nilimuuliza swali moja, tena la kawaida: "Mwanangu, mama yako hulia kila siku?"

Akanyamaza kidogo. "Hapana, Mwalimu. Mama halii."

"Sasa umeandika analia kwa nini?"

"Kwa sababu ya kina."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho miaka ya kufundisha vina haikuwa imenionyesha waziwazi. Alihitaji neno la kumalizia kwa "a", mizani zikataka nane, na lugha ikamletea lililo karibu zaidi: "analia". Mama wa kwenye mashairi ya wanafunzi hulia sana, na sehemu ya kilio hicho hutokana na urahisi wa kukitia kina. Nikamuuliza basi mama yake alifanya nini siku ile aliporudishwa nyumbani kufuata karo. Akaniambia kwamba mama alisoma ile barua ya shule, akaikunja, akaingia chumbani, akatoka shingo tupu. Mkufu alikuwa amevishwa siku ya ndoa yake. Alikwenda nao kwa sonara na kesho yake akampa binti pesa ya kulipia sehemu ya deni na ya nauli. Hakukuwa na maneno.

"Basi andika hivyo," nikamwambia.

Alikaa na ubeti ule siku kadhaa. Alipourudisha, "jamani" na "hakika" na "kweli" zilikuwa zimeondoka zote, na mahali pake palikuwa na jina lililosomwa mbele ya wenzake, somo lililompita, na mkufu. Vina ni vilevile, mizani ni zilezile. Nilipofika kwenye "Na neno halikusemwa" nilisita. Mshororo unatamka kwamba hakukuwa na tamko, na kitendo kinachofuata hakina maelezo yoyote: mkufu aliuvua. Hatuambiwi uliuzwa. Hatuambiwi ni wa dhahabu, wala kwamba ulikuwa wa harusi. Msomaji ndiye anayemaliza safari hadi kwa sonara. Mtoto wa miaka kumi na minane alijua akomee wapi.

Sasa nije kwenye kibwagizo, maana uzito wa shairi umelala hapo.

Tumezoea kuwafundisha watahiniwa kwamba kibwagizo husisitiza ujumbe na huleta mapigo ya kimuziki. Ni kweli, na mtu akiandika hivyo katika Karatasi ya Tatu atapata alama. Lakini katika shairi hili kibwagizo kinafanya kazi nyingine: maneno hayabadiliki, ila kila yanaporudi yamebeba maana tofauti, kwa sababu ya kilichotangulia. Ninapolisoma darasani huwaomba wanafunzi wasome ubeti mmoja, wanyamaze, kisha waniambie "ananingojea" ya hapo ina maana gani.

Ubeti wa kwanza ni wa darasa la usiku. Kengele imeshalia, msichana bado yuko mezani. Mitihani inamjia mbio na wakati huohuo muda unamkimbia, kwa hiyo yeye ndiye pekee aliyeketi. "Mama ananingojea" hapo ni faraja. Kuna mtu nyumbani, na likizo itafika. Wanafunzi wote husema hivyo, na wengine hutabasamu.

Baada ya ubeti wa pili faraja imeanza kupata uzito. Tumemwona mama kabla ya jua, mwiko mkononi (huo ni wa mbaazi, kwa yeyote anayejiuliza, mahamri yako kwenye karai), moshi umemzunguka. Shilingi kumi ni bei ya hamri moja. Anayengoja sasa anafanya kazi huku akingoja. Binti anaona kila saa yake ya kusoma imenunuliwa kwa hamri ngapi.

Baada ya ubeti wa tatu neno hilohilo limekuwa deni. Mama ameshatoa alichokuwa nacho, na hakusema kitu. Angelalamika, binti angeweza kujitetea, kuahidi, hata kukasirika. Ukimya haumpi nafasi ya kufanya lolote isipokuwa kufaulu. Shinikizo la mtihani huwa tunalizungumzia kama kelele: mzazi anayefoka, mwalimu anayetisha, shule inayotangaza wastani. Lipo hilo, silikatai. Lakini mara nyingi niliokaa nao wakitetemeka kabla ya karatasi ya Hisabati walikuwa watoto ambao nyumbani hakuna aliyewahi kuwapigia kelele. Walikuwa wamependwa kimya, kwa gharama wanayoijua hadi senti.

Ubeti wa nne unamgeukia mtihani na kumhoji. Umewahi kufika kwetu? Uliusikia moshi? Hapa jibu linajulikana. Mtihani haujui kitu. Wanaosahihisha wanaona namba ya mtahiniwa juu ya karatasi, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayomlinda asipendelewe mwenye jina wala asionewe asiye nalo. Nimesahihisha, najua. Lakini kwa msichana aliyeketi na karatasi yake, namba ile ina maana kwamba mkufu hautahesabiwa mahali popote. Kibwagizo kinaporudi baada ya swali hilo, "mama ananingojea" ni jambo analolijua yeye peke yake katika ukumbi mzima. Wanafunzi wangu hukaa kimya zaidi hapa kuliko kwenye mkufu.

Na katika ubeti wa tano neno limegeuka tena. Ameona wodi, amemwona mama akipumzika, ameuona mkufu ukirudi. Sasa mama anangoja kitu kizuri kinachokuja. Matumaini na shinikizo, basi, vimekaa katika mshororo mmoja na vimetumia silabi zilezile. Mtu hawezi kumwondolea binti huyu kimoja akamwachia kingine. Nilikuwa nikiwaambia watahiniwa, "Msifikirie nyumbani, fikirieni karatasi iliyo mbele yenu." Siku hizi siwaambii hivyo. Kwa huyu, nyumbani ndiko kunakomwezesha kushika kalamu, na ndiko kunakomfanya mkono utetemeke.

Kitu kimoja nilikuwa sijakiona mpaka mwanafunzi wa mwaka uliofuata aliponionyesha. Nilikuwa nimewapa zoezi la kawaida la kutambua nafsineni na anayesemeshwa katika kila ubeti. Nafsineni ni mtahiniwa, hilo halina ubishi. Anayesemeshwa katika kibwagizo ni kalamu. Katika ubeti wa nne ni mtihani. Msichana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbona mama hasemeshwi?"

Tukarudi mwanzo, tukasoma upya. Kweli. Mama yumo katika kila ubeti, ametajwa au ameashiriwa, lakini hakuna mahali anapoambiwa "wewe". Kalamu inaambiwa "andika". Mtihani unaambiwa "niambie". Mama husimuliwa tu: ameshika, aliuvua, ananingojea. Binti ana maneno kwa kifaa chake na kwa adui yake, na hana neno la kumwambia anayempenda. Nilipokuja kumpigia simu mtunzi na kumweleza hilo, alicheka kidogo, kisha akasema, "Ningemwambia nini, Mwalimu? Ningesema naogopa, angeuza na kitanda." Nimeandika maneno yake kama alivyoyatamka, kwa sababu sijui njia bora ya kueleza kwa nini watoto wa namna hii hawasemi.

Kuhusu mshororo wa mwisho kabisa tulibishana. Katika mapokeo, kibwagizo kikishawekwa hurudi kama kilivyo hadi kaditama, na mtahini mkali anaweza kuuona mshororo ule wa mwisho kama kasoro. Kwenye rasimu ya kwanza ulikuwa "mama ananingojea" kama mingine. Kwenye ya pili alikuwa ameukata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake, kwa herufi ndogo, "nami ninajingojea". Nilimwambia ajue anachokifanya: mizani inatosha, kina kinatosha, lakini amevunja marudio, na kuna wasomaji watakaodhani alisahau. Akasema hakusahau. Akasema alipokuwa akiandika "mimi bado nitakua" aliona si sawa kuendelea kumtaja mama peke yake, kwa sababu na yeye yupo mwishoni mwa mtihani, anajisubiri. Nikamwachia.

Naamini alikuwa na haki. Beti tano zimetujengea mazoea, sikio linajua kinachokuja, na ndipo anabadilisha maneno mawili. Mabadiliko hayo yasingesikika kama marudio yasingekuwa makini kabla yake. Anayetaka kuvunja kanuni katika shairi la arudhi sharti aifuate kwanza kwa uaminifu, mahali pengine pote. Huyu alikuwa amefuata.

Kuna jambo jingine katika ubeti huo wa sita ambalo lilinifanya nisikae na shairi kama shairi tu. "Nimechoka si kidogo." Halafu, "hata nikipata pigo." Nimeshasoma mashairi ya watahiniwa ambayo mistari kama hiyo ilielekea mahali pa hatari, na hapo mwalimu hana ruhusa ya kuanza kusifu tamathali. Nilimuuliza uso kwa uso: umechoka namna gani, unalala saa ngapi, kuna wakati unatamani usiwepo? Nauliza hivyo kwa maneno yaleyale, sizunguki, kwa kuwa mtoto akizungukiwa na yeye huzunguka. Akasema kutamani kufa, hapana. Kulala ndiko hakupo. Baada ya prepu ya usiku kwisha alikuwa akijifungia chooni na tochi, na alfajiri kengele inamkuta bado hajafumba macho vizuri. Ule mshororo wa kwanza, "kengele imeshalia", haukuwa pambo. Ni kengele ya kulala, na yeye alikuwa haiitikii.

Tulizungumza na mwalimu wa ushauri nasaha, na msimamizi wa bweni akaanza kuhakikisha anapanda kitandani kengele ikilia. Tuliangalia pia karatasi zake za moku. Katika Baiolojia alikuwa anajua mambo lakini anajibu swali la alama tatu kwa ukurasa mzima, kisha muda unamwishia kabla ya maswali ya mwisho. Usiku wa tochi haukuwa unamsaidia kwa hilo hata kidogo. Alihitaji kujifunza kuandika hoja tatu na kusonga. Kwa wiki zilizobaki alifanya hivyo, mchana kweupe, macho yakiwa wazi. Matokeo yalipotoka alikuwa na C, na sayansi zake zikamkubalia. Yangekuwa vingine, shairi lisingepungua hata mizani moja, na mimi ningelifundisha vilevile.

Ninalitumiaje sasa? Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ina alama 80, maswali manne ya alama 20 kila moja, na ushairi ni sehemu inayowatisha wengi kuliko riwaya na tamthilia, kwa sababu shairi huja geni. Hawakulisoma darasani. Kwa hiyo huwapa shairi hili bila kuwaambia limetoka wapi. Nikiwauliza toni, wengi huandika "toni ya huzuni" na kuishia hapo. Nawaambia warudi waoneshe ni wapi. Ubeti wa kwanza una wasiwasi. Wa nne una ukali, hata changamoto: nani kakupa wewe mamlaka? Wa tano una matumaini. Wa sita una uchovu na uthabiti vikiwa pamoja. Jibu la "huzuni" si la uongo, ila limeacha nje karibu shairi zima, na mtahini ataliona hivyo.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni lile la kuandika ubeti kwa lugha nathari, yaani kuondoa vina na mizani na kuueleza kwa sentensi za kawaida. Wakipewa ubeti wa kwanza wanaandika vizuri: ni usiku, kengele imelia, vitabu viko mezani, nasinzia, mitihani inakaribia upesi na muda unaisha. Mpangilio wa maneno uliogeuzwa katika "Yaja mbio mitihani" wanaunyoosha kuwa "mitihani inakuja mbio", na tayari wamejifunza kuboronga sarufi ni nini bila mimi kukariri ufafanuzi. Makosa ya kawaida ni mawili. Wapo wanaoacha mishororo ileile na kubadilisha maneno machache, na wapo wanaoanza kufasiri: "mshairi anatufundisha kwamba wanafunzi wajitahidi". Nathari haiombi funzo. Inaomba kilichosemwa, kwa nafsi ileile iliyosema. Kama shairi linasema "mimi", na wewe andika "mimi".

Nilipomwomba mtunzi ruhusa ya kulitumia, alikubali kwa sharti moja. Aliniomba nisiwaulize wanafunzi swali la alama mbili kuhusu mkufu. Hakutaka mtu aandike kwamba mkufu ni ishara ya kujitolea, akapata vema, akafunga daftari. Nimelitimiza. Maswali yangu yanatoka kwenye ubeti wa pili, wa nne na wa sita. Ubeti wa tatu tunausoma kwa sauti, mara moja, kisha tunaendelea na "Niambie mtihani", na hapo nawataka wanieleze kwa hoja nne nafsineni anamtuhumu mtihani kwa lipi, na kama wao wangekuwa mtihani wangemjibu nini.